Soma Jumatatu, vunja Jumamosi: nilivyojiandalia CCNA nikiwa Likoni

Nilifeli mtihani wa CCNA, cheti cha Cisco cha mitandao ya kompyuta, mara ya kwanza nikiwa nimekisoma kitabu kizima mara mbili. Kwa miezi minne nilikaa kila usiku baada ya isha, dirisha wazi kwa sababu ya joto la Likoni hapa Mombasa, kalamu ya manjano mkononi, nikipiga mistari chini ya kila sentensi iliyoonekana nzito. Mwisho kitabu kikawa cha manjano kitupu. Nikalipa dola 300 za mtihani, pesa nilizoziweka kidogo kidogo, na asubuhi ya siku yenyewe nikavuka feri nikiwa na uhakika kabisa.

Mtihani huo, 200-301, una dakika 120. Maswali ya kuchagua jibu hayakunitesa sana. Kilichoniangusha ni pale nilipowekewa vifaa kwenye skrini na kutakiwa nivitengeneze mimi mwenyewe. Swali lenyewe sitalieleza, kwa sababu kila mtahiniwa hukubali kwanza masharti ya kutotoa siri ya maswali, na mimi nayaheshimu. Nitakachosema ni kwamba jambo nililoulizwa nilikuwa nalijua kwa maneno. Ungeniamsha usiku wa manane ningekueleza. Lakini nilipoandika amri ya kwanza na matokeo yakaja tofauti na yale ya kitabuni, sikujua niangalie wapi. Nikapoteza dakika nyingi hapo, na kwenye mtihani ule ukishaondoka kwenye swali huwezi kulirudia.

Karatasi ya matokeo huonyesha asilimia kwa kila sehemu kati ya zile 6 za mtihani. Sehemu ya njia za IP, ambayo peke yake ni 25% ya mtihani mzima, ndiyo niliyoanguka vibaya zaidi. Ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa nimeipiga mistari mingi kuliko zote.

Nafanya kazi ya kompyuta katika ofisi ya wakala wa forodha, upande wa kisiwani. Mwenzangu wa pale, dada wa Majengo aliyefaulu mtihani huo kabla yangu, aliniuliza swali moja tu nilipompa habari, kuhusu mada mojawapo ya sehemu ile niliyoanguka.

"Kaka, umewahi kuiona OSPF ikikataa?"

"Ikikataa vipi, dada?"

"Basi ndiyo hapo. Wewe umeisoma ikiwa nzima tu."

Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani. Ni kweli, vitabu huonyesha mtandao unaofanya kazi: mchoro mzuri, amri zimepangwa, matokeo safi. Mara nyingi mtihani, na kazi yenyewe, hukupa mtandao uliolala. Mtu anayeujua mtandao mzima tu ni kama fundi aliyeona injini ikiwa imefungwa boneti.

Masharti yaliniruhusu kurudia mtihani baada ya siku 5. Nilisubiri wiki 16. Tulikaa naye siku moja wakati wa chakula cha mchana, tukila viazi karai, tukaigawa silabasi katika mada 14, mada moja kwa wiki, na wiki 2 za mwisho za marudio. Kisha tukaigawa wiki yenyewe. Mgawo huu ndio ninaotaka kuueleza, kwa sababu watu wengi huniambia "mimi nasoma na pia nafanya maabara", na ukiwachunguza unakuta wanasoma miezi mitatu kisha wanaingia maabara mwezi wa nne. Kufikia hapo yale ya mwezi wa kwanza yameshapoa.

Jumatatu na Jumanne zilikuwa za kusoma, saa moja na nusu kila usiku, mada ya wiki hiyo peke yake. Jumatano nilijenga mtandao mdogo wa mada hiyo kwenye Packet Tracer, ile programu ya bure ya Cisco ya kuigiza ruta na swichi, kitabu kikiwa wazi pembeni. Alhamisi niliujenga tena kutoka mwanzo, kitabu kimefungwa. Ijumaa ilikuwa ya swala na ya nyumbani, sikugusa kitu. Jumamosi ilikuwa siku ya kuvunja. Jumapili usiku nilirudi kwenye kurasa zile zile za Jumatatu, safari hii nikiwa na daftari la maswali.

Ile Jumapili ndiyo watu huiacha, na mimi nilitaka kuiacha pia, maana unakuwa umechoka na mada unaiona umeimaliza. Acha nieleze wiki moja nzima, wiki ya OSPF, ionekane Jumapili ile inafanya kazi gani.

Kwa asiyeijua, OSPF ni njia ya ruta kuambiana mitandao inayofikika kupitia kila mmoja wao, bila binadamu kuandika njia moja moja. Kabla ya kuambiana lolote, ruta lazima kwanza zitambuane na kuwa majirani. Kila ruta hutuma salamu, inayoitwa Hello, kila baada ya sekunde 10 kwenye mtandao wa kawaida wa Ethaneti. Ikipita sekunde 40 bila salamu ya jirani, jirani huyo huhesabiwa kuwa ameondoka. Hayo niliyasoma Jumatatu, na nilikuwa nimeyasoma mara mbili zaidi kabla ya hapo.

Jumatano nikaweka ruta 4 aina ya 2911, zote zimechomekwa kwenye swichi moja, zikiitwa R1 mpaka R4. Kila moja nikaipa mipangilio hii, nikibadilisha namba tu:

```
router ospf 1
 router-id 1.1.1.1
interface GigabitEthernet0/0
 ip address 10.10.10.1 255.255.255.0
 ip ospf 1 area 0
 no shutdown
```

Nikahifadhi mipangilio ya kila ruta, nikaziwasha zote upya kwa pamoja, kisha nikafungua orodha ya majirani kwenye R2. Nilikuwa nimekariri kwamba majirani wakikamilika hali yao huandikwa FULL. Nikaona hivi:

```
R2#show ip ospf neighbor
Neighbor ID  Pri  State         Dead Time  Address     Interface
1.1.1.1        1  2WAY/DROTHER  00:00:36   10.10.10.1  GigabitEthernet0/0
3.3.3.3        1  FULL/BDR      00:00:33   10.10.10.3  GigabitEthernet0/0
4.4.4.4        1  FULL/DR       00:00:38   10.10.10.4  GigabitEthernet0/0
```

Wawili wako FULL, mmoja amekwama 2WAY. Nikaamini R1 ina kosa. Nikaikagua anwani, nikachomoa kebo na kuichomeka, nikaifuta mipangilio yote ya R1 na kuiandika upya. Bado 2WAY. Nikajaribu R2. Bado. Saa sita za usiku zikanikuta nabadilisha kebo kwenye mtandao usiokuwa na ugonjwa wowote.

Kwenye daftari nina safu tatu: nilichokiona, nilichodhani, kilichokuwa kweli. Usiku ule nikaandika safu mbili za kwanza na kuiacha ya tatu wazi. "R1 na R2 zimekwama 2WAY. Nadhani R1 mbovu." Nikalala.

Jumapili nikafungua kurasa zile zile. Na pale pale, katikati ya aya niliyoipiga manjano mara mbili, kulikuwa na jibu. Kwenye mtandao ambapo ruta nyingi zimekutana sehemu moja, huchaguliwa ruta mteule, DR, na msaidizi wake, BDR. Nyingine zote huitwa DROTHER, na hizo hufikia FULL na wale wawili tu. Kati yao wenyewe hubaki 2WAY siku zote, na hiyo ndiyo hali yao ya kawaida. Sababu yake ni kupunguza mazungumzo: ruta 4 zikizungumza kila moja na kila moja ni jozi 6, ruta 10 ni jozi 45, na habari ile ile ingekuwa inazunguka bure. Kwa mpango wa mteule, kila ruta hupeleka habari yake kwa DR, naye ndiye anayeitangaza kwa wote.

Sentensi ile niliipita mara tatu bila kuiona. Mara ya nne nilikuwa na swali la kweli mkononi, nimeshalilipia usingizi, ikaingia na haijatoka hadi leo. Ndiyo maana nasema kitabu kisomwe tena ndani ya wiki ile ile. Ningengoja mwezi, swali lingekuwa limekufa. Ningebaki na kumbukumbu tu kwamba "R1 ilinisumbua".

Swali moja huzaa jingine. Nikajiuliza, je, kama nataka R1 ndiyo iwe mteule? Kitabu kilisema anayeshinda ni mwenye kipaumbele kikubwa, na wakilingana, mwenye kitambulisho kikubwa. Zote zilikuwa na kipaumbele 1 na ziliwaka pamoja, ndiyo maana 4.4.4.4 ikashinda. Nikaipa R1 kipaumbele cha 200:

```
interface GigabitEthernet0/0
 ip ospf priority 200
```

Hakuna kilichobadilika. R4 ikabaki DR. Nikarudi kitabuni: uchaguzi ukishapita, anayekuja na nguvu zaidi hamwondoi aliyeko. Vizuri, nikaamua kuiondoa R4 mwenyewe. Nikaifunga `GigabitEthernet0/0` yake kwa `shutdown`, nikaanza kuhesabu. Kwa kuwa kati yao kuna swichi, ruta nyingine hazioni kwamba waya umekatika, zinangoja tu salamu isiyokuja. Safu ya Dead Time ilishuka mpaka sifuri, na R4 ikatoweka kwenye orodha. Nikatazama mteule mpya nikitarajia R1.

Mteule mpya alikuwa R3. R1, pamoja na 200 zake, ilikuwa BDR.

Nilikaa nikaitazama skrini kwa muda. Kisha ikaja yenyewe: DR akiondoka, msaidizi wake hupanda papo hapo, bila uchaguzi. Uchaguzi hufanyika kwa kiti kilichobaki wazi, cha msaidizi, na hapo ndipo R1 ilipotumia kipaumbele chake. Ili R1 iwe DR ilibidi R3 nayo iondoke. Nikaifunga R3, nikahesabu tena, na R1 ikapanda. Jambo hili sijawahi kulikariri na sihitaji. Nimeliona.

Jumamosi ilikuwa na shida yake. Ukivunja mtandao wako mwenyewe unajua ulipovunja, kwa hiyo hujatafuta chochote, umerudisha tu ulichokiondoa. Mwenzangu ndiye aliyelitatua. Nilimtumia faili langu zima Alhamisi usiku, naye Jumamosi asubuhi akanirudishia likiwa na makosa 3 aliyoyaficha, na ujumbe mfupi: "R4 haina jirani hata mmoja. Usiulize." Asiye na mwenzake anaweza kuvunja mwenyewe, akahifadhi faili kwa jina jipya, na asilifungue mpaka baada ya wiki 3. Kufikia hapo ameshasahau. Nimelifanya hilo pia na linafaa, ingawa halifikii kuvunjiwa na mtu mwingine, kwa sababu mwingine huvunja mahali ambapo wewe usingefikiria.

Nilipofungua faili lile nikafanya alichofanya kila mtu ofisini kwetu tangu niwajue: nikapiga pingi. Kutoka R4 kwenda R1, jibu likaja. R2, likaja. R3, likaja. Zote zinafikika, zote zina anwani, waya zote ni za kijani. Na orodha ya majirani ni tupu kabisa.

Mimi wa miezi minne ya manjano ningeanza kufuta na kuandika upya. Na ningefanikiwa pengine, bila kujua nimetibu nini. Mwenzangu alikuwa ameniwekea sharti: kabla ya kugusa mpangilio wowote, andika kwanza unadhani ni nini na ushahidi wako ni upi. Nikakumbuka ya Jumatatu, kwamba ile salamu ya Hello haiji mikono mitupu. Ndani yake ruta hutaja muda wake wa salamu, muda wake wa kungoja, na maski ya sabneti yake, ile namba inayosema mtandao wake una ukubwa gani, pamoja na eneo. Anayepokea hulinganisha na yake. Yakitofautiana, salamu hutupwa na ujirani haufungiki. Pingi haiulizi hata moja katika hayo. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye kila ruta na kusoma inajitambulisha vipi, kwa amri moja tu:

```
show ip ospf interface GigabitEthernet0/0
```

Kwenye R4, iliyokuwa sawa, nikaandika pembeni: salamu 10, kungoja 40, maski /24, eneo 0. Kisha nikaenda R1. Mstari wa muda ukasema `Hello 5, Dead 20`. Alikuwa amebadilisha muda wa salamu peke yake, na ule wa kungoja ukajibadilisha wenyewe kuwa mara nne yake, kama kawaida ya ruta za Cisco. Kosa la kwanza hilo.

R2 muda ulikuwa sawa, maski sawa, eneo sawa. Lakini mahali pa kuonyesha salamu inayofuata itatoka lini palikuwa na maneno haya: `No Hellos (Passive interface)`. Ruta iliambiwa isitume salamu upande ule. Amri hiyo ina matumizi yake halali, kwenye upande wenye kompyuta za watu ambako hakuna ruta ya kusalimiana nayo. Hapa iliwekwa mahali pasipostahili. Kosa la pili.

R3 ilinishika zaidi. Muda sawa, salamu zinatoka, eneo sawa. Nikaipita mara mbili. Mara ya tatu nikasoma herufi kwa herufi kama ninavyokagua namba ya kontena kwenye hati za forodha, na kumbe mstari wa juu kabisa ulisema `10.10.10.3/25`. Wengine wote walikuwa /24.

Hapo nikaelewa kwa nini pingi ilipita. Maski ya /25 huukata mtandao ule nusu mbili, 0 mpaka 127 na 128 mpaka 255. Anwani zetu zote, .1 mpaka .4, ziko nusu ya kwanza. R3 inawaona wote kuwa wenzake, na pingi inakwenda na kurudi. Ila kwenye salamu inataja maski yake ya /25, na wenzake wanaitupa. Kama R4 ingekuwa na anwani ya .200, pingi nayo ingeanza kusumbua na kosa lingeonekana mapema. Mwenzangu alijua alichokuwa akikifanya.

Nikarekebisha moja moja, nikitazama orodha ya R4 baada ya kila moja. Muda wa R1, jirani wa kwanza akaja. R2, wa pili. Maski ya R3, wa tatu. Kurekebisha moja moja ni polepole, lakini ukirekebisha matatu kwa pamoja hujui lipi lilikuwa dawa, na daftari lako linabaki na safu ya tatu ya kubahatisha. Kazi ile ilinichukua saa 2 na dakika 10. Wiki chache baadaye, aliponirudishia faili jingine la OSPF bila kuniambia, nilimaliza kwa dakika 18.

Kwenye feri kulikuwa na zoezi jingine dogo. Simu sitoi mfukoni katika msongamano ule, kwa hiyo nilikuwa nikihesabu sabneti kichwani. Najipa anwani, mathalani 172.16.37.200 yenye /27, na kabla ya lango kushushwa upande wa pili lazima niwe na jibu. Maski ya /27 huenda kwa hatua za 32, basi natembea: 160, 192, 224. Mia mbili iko kati ya 192 na 224, kwa hiyo mtandao ni 172.16.37.192, anwani ya matangazo ni .223, na za kutumia ni .193 mpaka .222. Siku za mwanzo sikuwa namaliza hata moja. Mwezi wa pili nikawa namaliza tatu, nne, kabla ya kugusa nchi kavu. Hilo ni jambo ambalo kitabu na maabara vyote haviwezi kukufanyia, linataka kurudiwa tu.

Packet Tracer ina mipaka yake, na ni vizuri kuijua mapema. Ni mwigo. Baadhi ya amri za ruta halisi hazimo, na ukiandika amri sahihi ikakataliwa usikimbilie kudhani umekosea. Mada chache nilizisoma bila kuweza kuzifanya kikamilifu humo. Kwa swichi, nilibahatika kupata 2960 moja kuukuu iliyotolewa kazini, ikanifundisha kitu siku ya kwanza tu. Nilitaka kuisafisha nianze upya, nikaandika `write erase`, kisha `reload`. Ilipowaka, jina na nywila vilikuwa vimefutika kweli, lakini VLAN za zamani, ile migawanyo ya swichi moja kuwa mitandao kadhaa, zilikuwa pale pale. Niliirudia kazi ile mara mbili nikidhani nimekosea tahajia. Kumbe kwenye swichi ile VLAN hukaa katika faili jingine, ambalo amri ya kwanza hailigusi:

```
delete flash:vlan.dat
```

Baada ya hapo ndipo `reload` ikanipa swichi tupu. Jioni ile daftari lilipata mstari wake, na Jumapili nikaenda kutafuta faili hilo linatajwa wapi kwenye sura ya VLAN. Lilikuwepo, kwenye sentensi fupi ambayo nilikuwa sijaipiga hata mstari.

Si kila wiki ilikwenda hivi. Wiki ya itifaki za kusimamia mtandao kwa programu, ile sehemu ya 10% ya mwisho, ilikuwa kusoma zaidi na kufanya kidogo, nami sikulazimisha maabara mahali isipokuwapo. Wiki moja nilipoteza siku 3 nzima kwa sababu ya kazi za mfumo wetu ofisini. Nilichojifunza ni kutoifidia wiki iliyoharibika kwa kubana mada mbili katika wiki inayofuata. Nilisogeza kila kitu mbele, nikaila moja ya zile wiki 2 za marudio, ikabaki moja. Na mara moja umeme ulikatika Alhamisi usiku nikiwa na laputopu isiyo na betri ya maana, ruta 4 zikapotea zote kwa sababu sikuwa nimehifadhi faili. Nikazijenga upya Ijumaa baada ya magharibi, siku niliyoapa sitagusa kitu. Ilinichukua dakika 20 badala ya saa nzima ya Jumatano, na hilo peke yake liliniambia kitu ambacho hakuna swali la majaribio lililokuwa limeniambia.

Mara ya pili nilikaa kwenye kiti cha mtihani nikiwa na hofu zaidi ya mara ya kwanza, maana sasa nilijua mambo mengi yanavyoweza kuharibika. Zilipokuja zile kazi za kufanya kwa mkono, kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kutogusa mpangilio. Nilisoma hali ya vifaa kwanza, kimoja kimoja, nikaandika kwenye ubao mdogo waliotupa nilichokiona na ninachodhani. Safu ya tatu niliijaza vifaa vilipoitika. Kwenye karatasi ya matokeo, sehemu ya njia za IP ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote.

Jioni nilivuka feri kurudi, nikampigia mwenzangu simu. Alifurahi, akaniombea dua, kisha akaniuliza kama lile daftari bado ninalo. Ofisini ameingia kijana mgeni, anasoma kitabu kile kile, na kalamu yake ni ya manjano.

Jumamosi iliyopita nimemtumia faili la ruta 4. Hadi magharibi alikuwa amepata makosa mawili. La tatu ni maski ya /25 kwenye R3, na pingi zake zote zinapita.